Umeagiza mtandaoni, ukaletewa bidhaa usiyoikubali: Jinsi ya kuikataa na kudai pesa zako

Malalamiko haya yanatufikia mara kwa mara kwenye kipindi cha asubuhi. Mtu ameagiza vyakula vya nyumbani kwa simu, amelipa kwa M-Pesa, na bodaboda imefika mlangoni na mfuko uliofungwa vizuri. Akiufungua anakuta vitu viwili au vitatu sivyo alivyochagua. Hakupigiwa simu, wala hakutumiwa ujumbe. Akilalamika anaambiwa, "Tulikuwekea mbadala wa karibu." Wasikilizaji wengi huuliza swali moja: je, nikishapokea mfuko, bado nina haki ya kudai pesa?

Jibu fupi ni ndiyo, unayo, lakini haki hiyo hupungua nguvu kadiri unavyokaa kimya, na karibu yote hutoweka ukishaanza kuitumia bidhaa yenyewe. Katika makala haya tunaeleza kwa nini iko hivyo hapa Kenya, na dai lenyewe linavyopigwa hesabu.

Mbadala huingiaje kwenye mfuko

Supamaketi nyingi hazina ghala maalum la oda za mtandaoni. Oda yako inaingia kwenye simu ya mfanyakazi aliye ndani ya duka lile lile ambamo wateja wengine wanasukuma vitoroli. Orodha unayoiona kwenye programu inategemea hesabu ya kompyuta, na hesabu hiyo hupungua pale tu bidhaa inapopita kwenye kaunta ya malipo. Pakiti iliyo ndani ya kitoroli cha mtu mwingine, iliyopasuka, au iliyowekwa rafu isiyo yake, kwa kompyuta bado ipo. Mfanyakazi akifika kwenye rafu anakuta pengo.

Hapo ana njia tatu: kukuuliza, kuiondoa bidhaa kwenye oda, au kuchukua inayofanana. Kukuuliza kunahitaji muda, na kazi yake hupimwa kwa idadi ya oda anazomaliza. Kuiondoa kunapunguza mauzo ya duka. Kwa hiyo ile njia ya tatu ndiyo rahisi zaidi kwake. Programu nyingi zenyewe zimepangwa hivyo tangu mwanzo: pale unapolipia kuna sehemu ndogo inayouliza ufanyiwe nini bidhaa ikikosekana, nayo tayari imeshawekewa alama kwenye maneno kama "Replace" au "Best match". Usipoigusa, programu inaichukulia kuwa hilo ndilo chaguo lako.

Duka litakujibu kwa kutumia sehemu hiyo hiyo, kwa hiyo ni vizuri kujua mipaka yake. Ukiiacha alama hiyo, duka lina hoja kwamba uliruhusu mbadala. Lakini uliruhusu kinachofanana, si chochote kile. Unga wa mahindi wa kampuni moja badala ya unga wa kampuni nyingine, uzito ule ule na daraja lile lile, hapo ni vigumu kulalamika. Mchele wa kutoka nje badala ya pishori ni kitu kingine kabisa, na kila mtu anayepika wali anajua hivyo. Masharti ya duka yakiwa hayaeleweki vizuri, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka utata huo ufasiriwe kwa manufaa ya mtumiaji.

Sheria inayokusaidia ni ya zamani

Wengi hudhani mambo ya mtandaoni yanahitaji sheria mpya ya mtandaoni. Kwa tatizo hili, sheria yenye msaada mkubwa ni ile ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, ambayo ilinakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Walioiandika hawakuwahi kuiona simu ya mkononi, lakini walilijua vyema tatizo la kuletewa usichoagiza.

Kwanza, inasema kwamba ukinunua kitu kwa maelezo, kitu kinacholetwa lazima kilingane na maelezo hayo. Ununuzi wa mtandaoni ni wa maelezo mtupu: hukukishika kitu chenyewe, ulisoma jina, uzito na bei, ukaona picha. Pili, muuzaji akikuletea ulivyoagiza vikiwa vimechanganywa na usivyoagiza, una ruhusa ya kupokea vile ulivyoagiza na kuvikataa vingine, au kukataa mzigo wote. Maneno ya mhudumu kwamba "hatuwezi kugawa oda" ni utaratibu wa duka. Sheria haisemi hivyo.

Tatu ndiyo yenye mtego. Haki ya kukataa inaisha ukishahesabiwa kuwa umekubali bidhaa. Unahesabiwa hivyo kwa njia tatu: ukimwambia muuzaji kwamba umekubali, ukiitendea bidhaa kama mali yako, kwa mfano kuifungua na kuipika, au ukikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kusema neno. Kupokea mfuko mlangoni peke yake si kukubali, kwa sababu sheria inakupa kwanza nafasi ya kukagua. Muda huo wa kutosha haukuandikwa ni siku ngapi, kwani unategemea kitu chenyewe. Kwa nyanya, samaki au maziwa ya pakiti, sisi tungesema ni saa chache. Kwa sabuni au mchele unaweza kutetea siku moja au mbili, ingawa hatuoni faida ya kungoja.

Na nne: ukishaikataa bidhaa kihalali, hulazimiki kuirudisha dukani wewe mwenyewe, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa. Kazi yako ni kuitunza isiharibike kwa uzembe wako, na kumwachia aje aichukue. Kwa hiyo mhudumu akikuambia upande matatu kwenda dukani na kilo tano za mchele mkononi, muulize ni sharti gani ulilokubali linalosema hivyo.

Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kutosha, na fidia akipata hasara. Ni msingi mzuri, lakini kwenye mazungumzo na huduma kwa wateja utasikilizwa zaidi ukitaja bidhaa, bei na saa.

Tuchukue oda moja

Mfano huu tumeutunga sisi na bei zake ni za mfano, ila makosa yaliyomo ni yale tunayoyasikia. Mzazi anayeishi Bamburi ana mtoto wa miezi minne anayetumia maziwa ya kopo. Anaagiza pakiti mbili za unga wa mahindi wa kilo mbili, shilingi 320. Mafuta ya kupikia ya lita mbili, 640. Pishori kilo tano, 1,100. Maziwa ya kopo ya mtoto namba 1, 1,250. Na sabuni ya unga, 310. Usafirishaji ni 150. Jumla shilingi 3,770, na zote amezilipa kabla.

Mfuko unafika. Unga na sabuni viko sawa. Badala ya chupa ya mafuta ya lita mbili kuna chupa mbili za lita moja, ambazo bei yake dukani ni 720. Badala ya pishori kuna mchele wa kutoka nje, kilo tano, wa shilingi 800. Na badala ya maziwa namba 1 kuna namba 2, shilingi 1,320.

Hilo la mwisho si suala la pesa tu. Maziwa ya namba 1 yametengenezwa kwa mtoto tangu anapozaliwa. Namba 2 ni ya mtoto aliyefikisha miezi sita, ambaye ameanza kula vyakula vingine, na viwango vya virutubisho vyake vimepangwa kwa umri huo. Mtoto wa miezi minne hapaswi kupewa. Makopo ya kampuni moja hufanana kwa rangi na picha, na mtu aliye na haraka dukani anaona ni kitu kile kile. Mzazi aliyechoka usiku anaweza kuona hivyo pia. Hatari ya namna hiyo iko kwa mtu asiyepatana na karanga, ngano au maziwa, akiletewa biskuti au unga wa kampuni nyingine wenye viungo tofauti. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kukagua mfukoni ni kile kinacholiwa na mtoto au mgonjwa, hata kama ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Sasa tuangalie risiti iliyomo mfukoni. Duka limepiga hesabu upya kwa bei za mbadala: 320, 720, 800, 1,320, 310 na usafirishaji 150. Jumla ni 3,620. Mzazi alilipa 3,770, basi duka linasema linamdai yeye apokee shilingi 150 na mambo yaishe. Tena zitaingizwa kwenye akaunti yake ndani ya programu, azitumie kununulia safari nyingine.

Hesabu hiyo inaonekana ya haki, na watu wengi huikubali. Lakini imejengwa juu ya jambo ambalo halikutokea: kwamba mnunuzi alikubali vitu vyote vitatu. Hesabu sahihi huanza na alichokubali, kitu kimoja kimoja, kwa bei aliyolipa yeye.

Maziwa ya mtoto anayakataa. Anadai 1,250, yaani kiasi alichotoa kwa ajili ya kopo la namba 1. Zile 1,320 za risiti ya duka hazimhusu. Mchele anaukataa pia: anadai 1,100. Mafuta hana ugomvi nayo, kwani lita mbili ni lita mbili, na anayataka. Lakini hakukubali kuongeza shilingi 80. Hapa inambidi aseme wazi kwamba anayapokea kwa shilingi 640 alizolipa, na kama duka halikubali lije liyachukue. Akiyapika bila kusema lolote, duka litasema amenunua chupa za 720, na hoja hiyo haitakuwa ya kijinga. Jumla ya dai lake ni shilingi 2,350, si 150.

Akiamua kubaki na ule mchele kwa sababu wageni wako njiani, ni sawa pia. Hapo anadai tofauti ya bei, shilingi 300, na dai lote linakuwa 1,550. Pesa za usafirishaji tungeziacha, kwa sababu unga, sabuni na mafuta vimemfikia. Angeukataa mzigo mzima, zile 150 nazo angezidai.

Mlangoni, na saa moja inayofuata

Nafasi bora ya kukataa ni kabla bodaboda haijaondoka. Dereva si mwenye duka na mara nyingi hana uwezo wa kubadilisha oda kwenye simu yake, kwa hiyo hakuna faida kumfokea. Lakini anaweza kurudi na bidhaa iliyokataliwa, na programu itaonyesha saa aliyofika. Mwombe kwa upole asubiri dakika mbili: "Samahani kaka, nikague kwanza." Kama ni malipo mkononi, mpigie muuzaji simu dereva akiwapo, mkubaliane jumla mpya kabla hujatoa pesa. Ukishalipa jumla yote, umejitengenezea dai ambalo hukuwa nalo.

Kama dereva ameshaondoka, piga picha kabla ya kufungua chochote: bidhaa ikiwa imefungwa, upande wenye jina na uzito, tarehe ya mwisho ya matumizi, na risiti yote. Halafu ingia kwenye programu upige picha ya skrini ya oda yako ya mwanzo. Fanya hivyo mapema, kwani baadhi ya programu hubadilisha orodha baada ya mzigo kufika, na oda ya zamani huonyesha bidhaa mbadala kana kwamba ndiyo uliyochagua. Ujumbe wa kuthibitisha oda uliotumwa kwa barua pepe au SMS usiufute. Ule wa M-Pesa utunze pia, kwa sababu una nambari ya muamala, kiasi, tarehe na saa.

Kisha andika. Simu kwa huduma kwa wateja ni sawa kama ni ya haraka, lakini ikate ukaandike yale yale kwenye gumzo la programu au barua pepe, ili kuwe na saa. Ujumbe mfupi unatosha, kama huu wa mzazi wetu:

"Habari. Oda yangu ya leo (weka nambari) imefika saa kumi na dakika ishirini jioni. Sikuulizwa wala sikukubali mabadiliko haya. Ninakataa: maziwa ya mtoto namba 2 badala ya namba 1 niliyolipia 1,250, na mchele wa kutoka nje badala ya pishori niliyolipia 1,100. Vyote viwili havijafunguliwa, njooni mvichukue. Mafuta nimeyapokea kwa 640 niliyolipa. Kama hamkubali, yachukueni pia. Naomba shilingi 2,350 zirudishwe kwenye nambari ya M-Pesa niliyolipia. Picha nimeambatisha."

Angalieni kwamba ujumbe huo hauna matusi wala historia ndefu. Una neno "ninakataa", ambalo ndilo lenye uzito kisheria, na una kiasi kimoja cha pesa. Anayeandika "huduma yenu ni mbovu sana" hupata samahani na vocha. Anayetaja kiasi humlazimisha mhudumu ajibu juu ya kiasi hicho.

Majibu utakayopewa

Jibu la kwanza huwa ni vocha, au pesa za ndani ya programu. Ukiipenda, ichukue, ni hiari yako. Lakini ulilipa kwa pesa na unaweza kusisitiza zirudi kwa njia ile ile. Jihadhari na kitufe cha kupokea vocha chenye maandishi kwamba tatizo limekwisha, kwa sababu ukishakibonyeza unakuwa umempa muuzaji ushahidi wa kukubali.

Jibu la pili ni kwamba vyakula havirudishwi. Sera hiyo ina maana pale mteja anapobadilisha nia baada ya kuletewa alichoagiza. Wewe hukubadilisha nia. Umeletewa kitu kingine, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo wahudumu huyachanganya, wengine kwa kutojua.

Jibu la tatu hutoka kwa kampuni za usafirishaji: "Sisi ni wasafirishaji tu, ongea na duka." Duka nalo linakurudisha kwa kampuni. Tazama ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki, uone jina la aliyepokea pesa. Huyo ndiye wa kumdai kwanza, na ujumbe ule ule mtumie mwingine kama nakala.

Hapa tuseme neno kuhusu kurudisha muamala wa M-Pesa kwa kutuma ujumbe kwenda 456. Huduma hiyo imewekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kwa nambari isiyo sahihi. Wewe ulilipa nambari sahihi, ugomvi wenu ni juu ya mali. Kuitumia kwa kisingizio cha kukosea nambari ni kusema uongo, na kunampa muuzaji hoja dhidi yako. Aliyelipa kwa kadi yuko mahali pazuri zaidi: anaweza kuiomba benki iliyotoa kadi ipinge malipo hayo kwa sababu bidhaa hailingani na maelezo. Benki itauliza kama ulijaribu kwanza kumalizana na muuzaji, na hapo ndipo zile picha na ule ujumbe wenye saa vinapofanya kazi. Kuna muda maalum wa kuleta ombi hilo, kwa hiyo usiliache hadi mwezi wa pili.

Duka likinyamaza

Lipe siku saba kwa maandishi. Baada ya hapo unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia maslahi ya watumiaji. Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa shilingi 2,350 hatudhani wengi watakwenda huko, maana nauli na siku za kazi zitakula dai lenyewe. Hata hivyo, kuitaja mahakama hiyo kwenye barua ya mwisho hufanya barua ipande kutoka kwa mhudumu wa gumzo hadi kwa meneja, na meneja ndiye mwenye uwezo wa kurudisha pesa. Kama mtoto alidhurika au mgonjwa alilazwa, dai si la bei ya kopo tena, na hapo tafuta ushauri wa wakili mapema.

Wasikilizaji wetu wa Tanga na kwingineko Tanzania Bara wana sheria ya uuzaji wa bidhaa inayotoka chimbuko lile lile, Sura ya 214, kwa hiyo maelezo ya kukagua, kukubali na kukataa yanafanana. Malalamiko ya watumiaji huko hupelekwa kwa Tume ya Ushindani.

Kwa oda inayofuata, usitegemee chaguo moja la jumla la mwishoni. Kwenye programu nyingi unaweza kugusa kila bidhaa na kuweka maelezo yake. Kwa unga na sabuni acha wabadilishe, hutapoteza kitu. Kwa maziwa ya mtoto, chakula cha mwenye kisukari au chochote chenye sharti la daktari, weka kwamba bidhaa iondolewe ikikosekana, kisha andika kwenye nafasi ya maelezo: "Usibadilishe. Kama hakuna, ondoa na urudishe pesa." Piga picha ya skrini ya maneno hayo kabla ya kubonyeza kulipa.